Pikipiki ya samaki: tulivyofikia bei ya TVS isiyo na kadi, Chake Chake

Muuzaji alitaja milioni moja na laki saba. Mpwa wangu akanipigia simu kutoka Wesha, amesimama pembeni ya hiyo pikipiki, anazungumza kwa kunong'ona kama mtu aliyeokota kitu.

"Shikamoo mjomba. Nimepata TVS 125, ya mwaka 2021, imetembea kilomita 18,400 tu. Kadi ya usajili ndiyo imepotea, lakini mwenyewe anasema kwa ajili ya kadi atanipunguzia laki mbili."

Nikamwambia asitoe hata senti tano, wala asiombe iwashwe mpaka nifike.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Chake. Kuulizwa bei ya chombo kilichotumika ni jambo la kila wiki, na mara nyingi jibu huwa jepesi. Hiki cha Februari 2025 hakikuwa chepesi. Mita yake ilikuwa haisemi kweli, hali yake ilikuwa nzuri mbele na mbovu nyuma, na kadi ilikuwa na habari ndefu kuliko ile aliyopewa mpwa wangu. Nakieleza kama kilivyokwenda, pamoja na pale nilipokosea.

Kwanza umri, maana huko ndiko hesabu inakoanzia. Watu hutazama namba ya usajili wakasema "hii ya mwaka fulani". Namba inakwambia chombo kilisajiliwa lini, haikwambii kilitengenezwa lini. Pikipiki inaweza kukaa kwenye boksi na dukani mwaka mzima kabla ya kupata namba. Umri wa kiwandani unausoma kwenye namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapopita. Huwa ina herufi na tarakimu 17. Zikianza na MD6 ni TVS ya India, zikianza na MD2 ni Bajaj, kama Boxer. Ya kumi kutoka mwanzo kwa kawaida ndiyo ya mwaka: L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023. Herufi O inarukwa ili isichanganywe na sifuri.

Hii yetu ilikuwa na L. Kwa hiyo imetengenezwa 2020. Muuzaji alikuwa na picha ya kadi kwenye simu, aliyopiga zamani, na ilionyesha usajili wa Machi 2021. Hakutudanganya hapo. Mwaka mmoja wa kukaa dukani haunisumbui sana, kwa sababu pikipiki isiyotembea haichakai isipokuwa mipira na betri. Nikaihesabu kama ya miaka minne.

Sasa bei ya msingi. Siku ile mpya ya aina hiyo dukani tuliambiwa 2,900,000. Kipimo changu, ambacho nimekipata kwa kuangalia vinavyouzwa mbele ya gereji yangu, ni kwamba pikipiki hupoteza sehemu ya tano ya bei yake mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka hupoteza kama asilimia 12 ya kile kilichobaki. Baada ya mwaka wa kwanza tukapata 2,320,000, wa pili 2,040,000, wa tatu 1,800,000, na wa nne kama 1,580,000.

Hesabu ya namna hii peke yake haitoshi, lazima uiweke mbele ya soko. Na soko maana yake ni bei iliyolipwa. Bei inayotajwa barazani ni kitu kingine, kila mtu anataja atakacho. Nilikuwa nazijua TVS mbili za umri huo, zenye kadi na zisizo na matatizo makubwa, zilizouzwa karibuni. Moja ilikwenda Wete kwa 1,600,000, nyingine hapa hapa Machomane kwa 1,550,000. Basi 1,580,000 ilikuwa inasimama. Kama hesabu yangu ingetofautiana na zile mbili kwa laki tatu, ningeiacha hesabu na kuzifuata zile mbili. Na ningeangalia msimu pia. Pesa za karafuu zikiwa mikononi mwa watu, pikipiki hiyo hiyo hupata mtu wa kuongeza laki moja bila kubishana. Februari ile pesa zilikuwa zimeshapoa.

Lakini kiasi hicho ni cha pikipiki ya miaka minne iliyotembea kama pikipiki ya nyumbani hutembea, yaani mtu wa kwenda kazini, sokoni na shamba. Nakadiria kilomita 6,000 kwa mwaka, kwa hiyo 24,000. Mita ilikuwa inaonyesha 18,400. Mpwa wangu alishaanza kufurahi, anaona amepata na ziada.

Nilichofanya ni kuisimamisha kwa stendi kubwa, nikamwambia akalie nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke, nikalizungusha kwa mkono. Mshale wa spidi haukutikisika. Kwenye pikipiki hizi mita inaendeshwa na waya unaotoka kwenye gurudumu la mbele. Waya ukikatika, mita inasimama palepale na chombo kinaendelea kutembea. Nikafungua kifuniko cha chini cha waya, nikavuta: kipande cha shibiri moja kikatoka, kimeliwa na kutu. Huo haukuwa umekatika juzi.

Muuzaji akasema, "Fundi, hiyo imekatika kama miezi miwili." Sikumbishia. Nikanyanyua siti. Huko ndiko mafundi hubandika stika wanapomwaga oili, na yeyote anayenunua pikipiki iliyotumika anapaswa kuangalia huko kabla ya kuangalia rangi ya tangi. Kulikuwa na stika moja imeshafifia, imeandikwa kwa kalamu: oili, 17,900, na tarehe ya Machi 2022.

Hapo mambo yakafunguka. Pikipiki ilisajiliwa Machi 2021. Machi 2022 ilikuwa na 17,900. Kwa hiyo mwaka wake wa kwanza ilitembea karibu kilomita 18,000, na huo si mwendo wa nyumbani, ni wa bodaboda. Na kama mita ilisimama kwenye 18,400, basi ilisimama kilomita 500 tu baada ya stika ile. Kwa bodaboda hizo ni siku kumi hivi. Mita ilikuwa imelala karibu miaka mitatu.

Tukaanza kuijaza miaka hiyo kwa maswali ya kawaida, bila kumshitaki mtu. Muuzaji alikuwa ameinunua Januari 2023. Kabla ya hapo bado ilikuwa bodaboda, miezi kumi, ambayo kwa mwendo ule ule ni kama 15,000. Yeye mwenyewe anachukua samaki Wesha alfajiri, anazungusha Chake na vijiji vya Vitongoji, anarudi. Akasema kwa siku ni kilomita 30 hadi 40. Nikashika 35 kwa siku 300 za mwaka, nikapata 10,500 kwa mwaka, na kwa miaka miwili 21,000. Ukijumlisha 17,900 na 15,000 na 21,000 unakaribia 54,000. Inaweza kuwa 45,000, inaweza kuwa 60,000. 18,400 haiwezi kuwa.

Chombo chenyewe kilikubaliana na hesabu. Mpira wa kuwekea mguu ulikuwa laini kama kigae, mistari yote imekwisha. Pedeli ya breki ilikuwa imeng'aa na kuliwa upande mmoja. Meno ya sproketi ya nyuma yalikuwa yamepinda kama ndoana. Tairi la nyuma lilikuwa kipara, na ubavuni mwake kulikuwa na tarakimu nne, wiki na mwaka wa kutengenezwa, zikionyesha 2023. Maana yake hilo si la kiwandani, ni la pili au la tatu. Mwenye pikipiki ya kilomita 18,400 hawezi kuwa ameshamaliza matairi yote hayo, hata akiwa na miguu ya kufunga breki kwa hasira.

Wapo wanaokata bei kwa kila kilomita iliyozidi. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu kilomita hazilipwi, vinavyolipwa ni vifaa ambavyo kilomita zimevila. Kwa hiyo niliziacha zile 54,000 ziniambie wapi pa kuangalia, kisha nikaenda kuangalia.

Injini tuliikuta ya baridi, na ndiyo sababu nilikataza isiwashwe. Muuzaji mwerevu huipasha moto kabla hujafika, kwa sababu injini ya moto inaficha mengi. Ukiweka kiganja karibu na silinda ukahisi joto, sema unaondoka kunywa chai, urudi baada ya saa moja. Hii ilikuwa baridi. Nikapiga kiki kwa mkono taratibu kusikiliza ukinzani wa mgandamizo. Ulikuwepo, lakini ulikuwa unanyong'onyea haraka kuliko inavyotakiwa. Ilipowaka ilitoa moshi wa bluu kidogo, na kila ukivuta mafuta moshi uliongezeka. Moshi wa bluu ukitoka unapovuta mafuta, ringi za pistoni zimechoka. Ukitoka pale tu unapoachia mafuta ukavuta tena, tatizo mara nyingi liko kwenye sili za valvu, na hilo ni dogo zaidi. Hii ilikuwa ya ringi. Nikachomoa kijiti cha oili: kilikuwa kikavu nusu. Oili yake yote ni kama lita moja, na mtu anayeibebesha samaki kila siku bila kuangalia kijiti hula injini hivyo hivyo. Kulikuwa pia na mlio wa tiki-tiki upande wa kushoto, mnyororo wa taimingi.

Kisha nikaenda nyuma, na huko ndiko pikipiki hii ilikokuwa na siri yake. Ukiiangalia kwa mbele ilikuwa safi. Nyuma alikuwa amefunga kreti la samaki, na maji ya samaki ni maji ya bahari na barafu na damu, yanatiririka kila siku juu ya chuma kilekile. Hakuna chumvi mbaya kama hiyo. Pikipiki iliyokaa karibu na pwani hupata kutu juujuu, kila mahali, sawasawa, na unaifuta ukapaka rangi. Ya samaki hupata kutu mahali pamoja na inakwenda ndani.

Alikuwa ameipiga rangi nyeusi ya kopo, mpya, kwenye ule mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, ambao mafundi tunauita swingi amu. Rangi mpya mahali pamoja ndipo pa kugonga. Nikachukua mpini wa bisibisi nikagonga kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti ya juu, kavu. Karibu na ekseli upande wa kulia sauti ikageuka, ikawa kama ya kugonga kopo lililojaa udongo. Nikageuza bisibisi nikasukuma kwa ncha, rangi ikapasuka, na chini yake kukaonekana shimo dogo la kuingia punje ya mtama. Swingi amu hiyo ilikuwa ya kubadilishwa. Kuichomelea mtu ataweza, lakini chuma cha pembeni chake nacho ni chembamba, kwa hiyo unachomelea hewa.

Swali kubwa likawa fremu yenyewe. Swingi amu inanunuliwa. Fremu ndiyo pikipiki, na ndiyo yenye namba. Kama bomba za fremu chini ya siti zingelia sauti ile ile, ningemwambia mpwa wangu twende zetu, na makala hii isingekuwepo. Nikavua siti na vifuniko vya ubavuni nikagonga kila kiungo. Kulikuwa na kutu, lakini ya juu. Sauti ilikuwa kavu hadi mwisho. Beringi za shingo zilikuwa na kishindo kidogo tu, shokamzoba za mbele hazivuji.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapokata bei: wanajumlisha gharama za kila kitu kibovu na kuziondoa zote. Ile 1,580,000 tayari ni bei ya chombo cha miaka minne, ambacho kila mtu anajua hakina tairi jipya wala cheni mpya. Ukiondoa bei kamili ya tairi, umemtoza muuzaji mara mbili kwa uzee uleule, na mtu mwenye akili atakushika hapo, bei yote ikavurugika. Kwa hiyo tairi na cheni na sproketi, jumla 100,000, nilikata nusu: 50,000. Betri ilikuwa imechoka lakini niliiacha kabisa, kwa sababu betri ya miaka minne inatarajiwa kuchoka. Swingi amu na bushi zake haitarajiwi kutoboka, nikakata yote, 100,000. Ringi, pistoni, kuchonga silinda na mnyororo wa taimingi, pamoja na mkono wa fundi, 160,000. Hiyo pia yote, kwa sababu pikipiki ya kilomita 24,000 ingekuwa haijafika hapo. Waya wa spidi 10,000. Na mwisho nikaweka laki moja kwa yale ambayo kilomita 54,000 zimeyagusa na mimi siwezi kuyaona bila kufungua injini: beringi za krenki, gia, klachi. Hiyo laki ni ya kukisia, na nilimwambia muuzaji hivyo hivyo.

Jumla ikawa 420,000. Bei ikashuka hadi 1,160,000. Tukaiita milioni moja na laki moja na nusu, *ikiwa na kadi*.

Muuzaji aliinamisha kichwa, lakini hakukasirika. Nilimwonyesha kila shimo na kila stika. Akasema, "Haya. Basi na ya kadi toa laki mbili, tumalize."

Hapo ndipo nilipokataa, na mpwa wangu akanitazama kama nimerukwa na akili. Kukataa punguzo!

Kadi haifanani na tairi. Tairi bovu lina bei, unailipa dukani na jambo limekwisha. Kadi iliyopotea inaweza kugharimu nauli na siku mbili za kupanga foleni, au inaweza kukugharimu pikipiki nzima, na siku unayolipa hujui ni ipi. Ukikata laki mbili umenunua bahati nasibu kwa bei ya tairi. Bila kadi huwezi kuhamisha umiliki. Bila umiliki, bima ikitakiwa kulipa, utakuwa na maelezo marefu. Na askari akikusimamisha barabara ya Mkoani, karatasi ya mauziano yenye saini mbili za majirani haitakusaidia sana.

Nikauliza kadi ilikuwa kwa jina la nani. Akasema la yule aliyemuuzia, bodaboda wa zamani, ambaye sasa yuko Unguja. Yeye hakuwahi kuhamisha jina. Kwa hiyo alichokuwa akiuza ni pikipiki ya mtu mwingine, kwa ushahidi wa karatasi ya daftari. Sisemi hili kwa kumlaumu, nusu ya pikipiki za kisiwa hiki ziko hivyo. Ile picha ya simu, mbaya zaidi, ilikuwa na kidole gumba juu ya sehemu ya jina. Kilichoonekana ni namba ya usajili, namba ya chesisi na ya injini.

Hizo mbili nilizilinganisha na chombo, tarakimu moja moja. Zote zilikuwa sawa, na zilikuwa zimegongwa kwa mstari ulionyooka, kina kimoja, bila alama za msasa wala rangi nene juu yake. Kama namba ya injini ingekuwa nyingine, huenda ni injini iliyobadilishwa kihalali bila kuandikishwa, na hilo linarekebishika kwa maelezo na risiti. Kama ya chesisi ingekuwa imeguswa, hakuna bei. Hapo si suala la kupunguza, unarudisha funguo. Na zikiwa sawa bado unazipeleka polisi ziangaliwe kama chombo hakijaripotiwa kuibiwa. Mpwa wangu alikwenda siku ile ile na muuzaji akiwa naye. Muuzaji anayekataa kwenda ameshakujibu.

Basi tukabaki na swali la thamani ya chombo hiki leo, kikiwa hivi kilivyo. Nikawafanyia hesabu chini ya mwembe, kwa kijiti, kwenye udongo. Tuseme kuna pikipiki kumi zenye hali kama hii, namba safi, mwenye jina yuko hai na anajulikana. Saba zitapata kadi mpya na kuhamishwa, kwa gharama ya kama 150,000 ukiweka ada, madeni yanayofuata chombo, nauli ya boti na siku za kazi zilizopotea. Kila moja ya hizo saba ina thamani ya 1,000,000. Mbili hazitapata, kwa sababu mwenye jina hapatikani au anakataa, na zitabaki kuwa za kuendesha kwa kujificha au kuwa vipuri, sema 400,000 kila moja. Moja itachukuliwa na mwenyewe halisi, nayo ni sifuri. Saba zinatoa 7,000,000, mbili zinatoa 800,000. Gawa kwa kumi: 780,000.

Kwa hiyo pikipiki ile ile ilikuwa na bei mbili. Leo bila kadi, 780,000. Kadi ikiwa kwa jina la mpwa wangu, 1,150,000. Tofauti ni 370,000, karibu mara mbili ya ile laki mbili. Na jambo ambalo muuzaji hakuwa ameliona ni kwamba fedha hiyo ilikuwa yake: akifanya kazi ya kadi kwa 150,000, anabaki na zaidi ya laki mbili mkononi. Nani mwenye nafasi nzuri ya kumpigia simu bodaboda wa Unguja, yeye au mpwa wangu ambaye hajawahi kumwona?

Angekuwa mwenye jina amefariki, zile saba ningezishusha sana. Kwetu mali ya marehemu ni ya warithi, na mmoja akikuuzia bila wenzake hujanunua. Hapo kuna mirathi kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kuna mjane, kuna watoto walioko mbali, na pikipiki ya milioni moja haina uzito wa kuwakutanisha haraka. Na ingekuwa na namba ya Bara, zile zinazoanza na MC, zilizoshuka kwenye boti, ingekuwa hesabu nyingine kabisa, kwa kuwa usajili wa Bara na wa huku ni vitu viwili.

Tukakubaliana hivi: bei 1,150,000, hailipwi mpaka umiliki uhame. Arbuni ya 150,000 ikawekwa kwa mzee mmoja ambaye wote wawili wanasali naye, ili muuzaji awe na uhakika kwamba hatutamkimbia, na maandishi yakafanywa mbele ya sheha, yenye namba ya chesisi, namba ya injini, na sharti kwamba umiliki usipohama ndani ya siku 45 arbuni inarudi. Pikipiki ikabaki kwa muuzaji. Hili la mwisho lilimuuma mpwa wangu kuliko yote, alikuwa ameshawaambia wenzake. Lakini ukishaanza kuiendesha hukai tena kwenye meza ya bei.

Wiki ya pili nikagundua kwamba saba yangu kati ya kumi ilikuwa ya kubahatisha mno. Muuzaji alipokwenda kwenye ofisi ya usajili wa vyombo vya moto, jina lililotoka halikuwa la yule bodaboda. Lilikuwa la kaka yake. Kaka ndiye aliyenunua dukani mwaka 2021 akampa mdogo wake afanyie kazi, na mdogo akaiuza. Ningeondoa kile kidole gumba mapema, yaani ningetaka jina litazamwe ofisini kabla ya kukaa chini kuhesabu, ningesema tano kati ya kumi, na bei ya bila kadi ingeshuka hadi kama laki sita na nusu. Sasa nafanya hivyo kila mara: jina kwanza, hesabu baadaye.

Kaka mtu hakuwa mkorofi. Alisema kwa simu kwamba hana haja na pikipiki, lakini hakuona hata shilingi ya ile biashara ya mdogo wake. Wakazungumza wao kwa wao, mimi sikuingia. Muuzaji alimpa laki moja, naye akaenda polisi Unguja kuripoti kadi kupotea, akachukua ripoti ya upotevu, akaomba kadi nyingine kwa kitambulisho chake, akasaini uhamisho. Ilichukua wiki tano na siku mbili. Ile laki moja pamoja na ada na nauli ilimfikisha muuzaji karibu na 240,000, akabaki na kama 910,000. Bado ni zaidi ya 780,000, ingawa si kwa kiasi nilichomwahidi pale chini ya mwembe, na alinikumbusha hilo mbele za watu.

Nilipofungua injini, ringi zilikuwa zimekwisha kama tulivyosikia, lakini silinda haikuhitaji kuchongwa, na beringi za krenki zilikuwa nzima. Ile laki ya kukisia ilikuwa nyingi kwa kama elfu sitini. Kwa upande wa pili bolti ya swingi amu ilikuwa imeshikana na kutu hadi tukaikata kwa grenda, ikaharibu na kipande cha pembeni, na hapo zikarudi karibu zote.

Nimemfungia waya mpya wa spidi. Mita imeanza kuhesabu tena kutoka 18,400. Chini ya siti, kando ya ile stika iliyofifia, nimebandika nyingine yenye tarehe na maneno haya: *ongeza 36,000*. Mpwa wangu anaitazama kwa jicho baya, anasema itamharibia bei siku akiuza.